Umependeza au Pamependeza?

Mpwa wangu alinionyesha picha. Binti anayempenda kimoyomoyo, wala hajapata kumwambia, alikuwa ameiweka mtandaoni: amesimama ufukweni Pangani, ngalawa imelala ubavu nyuma yake, jua jekundu likigusa maji. Chini yake watu walikwisha kupanga foleni ya "umependeza". Kijana naye alikuwa ameandika "umependeza mno", kidole kikisita.

"Mjomba, ungekuwa wewe ungeandikaje?"

Nilimwambia abadili kiambishi kimoja tu. "Umependeza" humsifu mtu. "Pamependeza" husifu mahali. Anayesifu sura ametoa hukumu, na anayehukumiwa hana la kujibu ila "asante". Tena, likitoka kwa mtu asiye wa karibu, neno hilo laweza kumkera. Anayesifu mahali husimama kando yake, wakatazama pamoja.

Hata hivyo, "pamependeza" peke yake ni baridi. Kiswahili kimetupa "hapo". Hapa ni penye msemaji, pale ni mbali na wote wawili, hapo ni penye msikilizaji. "Pale pametulia" ni maneno ya msafiri. "Hapo pametulia" yana mtu ndani yake, bila kumgusa.

Kijana akaandika: "Hapo pametulia. Machweo mazuri mno!" Nikamzuia. Ufukwe wa Pangani unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama upande wa bara. Anayetaka kuliona likizama majini na aende Forodhani, Unguja, panapotazama magharibi. Aliyeandika "machweo" hapo amejifichua: hakuitazama picha, alimtazama mwenye picha. Yale yalikuwa mapambazuko, na binti yule aliamka gizani ili ayawahi. Hilo ndilo lililostahili sifa.

Basi akaandika: "Hapo pametulia. Ulidamka saa ngapi hata ukaliwahi jua?"

Shauri hili lina mipaka yake. Mtu akivaa joho la mahafali, au akajipamba kwa Idi, kusifu bustani iliyo nyuma yake ni kumpuuza. Hapo sifu tukio: mpe hongera ya alichokimaliza, au mtakie heri ya sikukuu.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuzunguka mbuyu, na kwamba apendaye aseme. Nakubali kwamba siku ya kusema ipo. Lakini tamko la moyo halifai kutolewa mbele ya kadamnasi, chini ya picha, likiwa la arobaini katika foleni. Kabla ya siku hiyo, yafaa mtu aonyeshe kwamba ana macho.

Jioni jibu lilikuja: "Saa kumi alfajiri. Nilikwenda na bibi yangu, ndiye aliyenipiga picha."

Miongoni mwa wote waliousifu uso ule, hakuna aliyesimuliwa habari za bibi huyo.