Nesi na Jiko Lako, sehemu ya 6: Acheni kuusingizia ubao wa mti

1/4
Ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu: eti ubao wa mti ni uchafu, utupe, nunua wa plastiki uwe salama. Mimi ni nesi na nasema hapana. Plastiki mpya inasafishika vizuri, hilo sikatai. Ila ile yako ina muda gani?

2/4
Kisu kikipita juu ya plastiki kinaacha mikwaruzo. Majimaji ya kuku yanaingia humo na sponji haifiki. Pitisha ukucha: ukikwama, na bakteria wamekwama hapo hapo. Mwaka 1994 huko Marekani, Nese Ak na Dean Cliver walichapisha majaribio yao. Plastiki yenye mikwaruzo ilikuwa ngumu kusafisha kwa mkono. Kwenye mti, bakteria walivutwa ndani pamoja na unyevu, wengi wakafa bila kurudi juu. Sasa nani mchafu?

3/4
Lakini msinielewe vibaya, mti hauoshi wenyewe. Umekata kuku, kisha juu ya ubao ule ule unakata nyanya za kachumbari. Kuku ataiva, salmonela itakufa. Kachumbari haipikwi, mtoto anaila hivyo hivyo. Hapo mti wala plastiki havikuokoi. Kuwa na mbao mbili: moja ya kuku, nyama na samaki, nyingine ya vinavyoliwa vibichi. Huna mbili? Kata kachumbari kwanza, kuku baadaye.

Ukimaliza osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza. Kisha changanya vijiko vikubwa 2 (mililita 30) vya jiki ya asilimia 3.5 kwenye maji lita 5, mwagia, subiri dakika chache, suuza tena. Usianze na jiki, maana uchafu unaimaliza nguvu. Halafu simamisha ubao ukauke pande zote mbili. Kuulaza kwenye beseni usiku kucha ndiko kunakoupasua, na ukipasuka nyufa haziingiliki kwa brashi.

4/4
Kwa kisu, mti wa kawaida na plastiki vyote vinakihurumia. Anayekiua ni kioo, marumaru na sinia la chuma, na huko ndiko wengi wetu tunakatia. Tofauti ni kwamba mti ukichakaa fundi seremala anaupiga randa, unakuwa mpya. Plastiki ikichakaa ni ya kutupa.

Ukienda kwa fundi, omba mti mgumu usio na vinyweleo vikubwa. Usikubali kabisa kipande cha mbao iliyotiwa dawa ya mchwa. Hiyo ni ya paa, si ya chakula.

Hoteli na jiko la hospitali watumie plastiki, sawa, kama wana maji ya moto ya kutosha na wanabadilisha kila zinapokwaruzika. Wewe unayetumia moja tangu harusi, leo usiku ipitishie ukucha kabla hujaja kubishana kwenye komenti.