Trakteri haina mshahara wa kila mwezi

Kipushi, Haut-Katanga – Wakulima wa mahindi wakianza kuhesabu makuta ya kununua trakteri, ubishi unakuwa ule ule: tuchukue mkopo wa banki, ao tuchukue kredi-bai? Ubishi huo unaruka swali la kwanza: deni litalipwa tarehe gani?

Katika Haut-Katanga mvua inakuja mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi mpaka mwezi wa nne. Trakteri inalima mwezi wa kumi hadi katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa nne. Lakini mkataba unaandikwa: lipa kila mwisho wa mwezi. Kalenda hiyo inamfaa mwalimu mwenye mshahara na mama mwenye duka. Mkulima inamnyonga.

Chukua mfano. Trakteri na jembe lake la visahani ni dola 30,000. Koperative inatoa 6,000, inabaki 24,000 ya kulipa kwa miaka mitatu, na faida ya 2 kwa mia kila mwezi juu ya deni linalobaki. Hiyo ni dola 942 kila mwezi, ao karibu 11,300 kwa mwaka.

Trakteri ikilima hekta 240 kwa msimu, na kila hekta ikiacha dola 50 kisha kulipa mazuti, shofere na vipuri, inaingiza 12,000. Kwa hesabu ya mwaka, deni linalipika. Lakini nusu ya wateja wanalipa makuta wakati wa kulima, na nusu wanalipa kwa mahindi kisha mavuno. Mkataba ukisainiwa mwisho wa mwezi wa saba, koperative inadaiwa 1,884 kabla jembe halijagusa udongo. Zile 6,000 za kulima zinaisha mwezi wa kwanza. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano inadaiwa tena 3,768, na mahindi hayajawa makuta. Hapo ndipo mchuuzi anafika na kununua mahindi yangali shambani, kwa bei anayotaka yeye.

Sasa lipa deni lile lile mara mbili kwa mwaka: mwisho wa mwezi wa kwanza na mwisho wa mwezi wa saba. Kila mara ni dola 5,940. Ndiyo, inapanda kidogo: kwa mwaka ni karibu 580 zaidi, kwa sababu faida inaendelea kutembea wakati mkulima anangoja. Asidanganywe mtu kwamba kungoja ni bure. Lakini 580 ni ndogo kuliko hasara ya kuuza mahindi ya mwaka mzima katika mwezi wa mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini.

Na kredi-bai? Sheria namba 15/003 ya tarehe 12 Februari 2015 inaipa nafasi katika nchi yetu. Kampuni inanunua trakteri, mkulima anaitumia na kulipa kodi, na mwishoni anaweza kuinunua kwa bei iliyobaki. Uzuri wake ni kwamba trakteri yenyewe ndiyo dhamana. Mkulima wa shamba la kimila, asiye na hati ya serikali, haombwi kuweka nyumba yake. Lakini trakteri si yake. Akishindwa kulipa inachukuliwa, na kodi yote aliyolipa inakwenda nayo. Tena ikivunjika katikati ya msimu, mara nyingi kodi inaendelea. Kwa hiyo kredi-bai yenye kodi ya kila mwezi ni kamba ile ile, imebadilishwa rangi tu.

Wakopeshaji wanajitetea: mkulima akingoja miezi sita, atakula makuta. Basi wamfuate kazini. Trakteri ina saa inayohesabu muda wa kazi ya mashine. Aisome kila wiki ya msimu, alinganishe na daftari la hekta, na makuta ya kulima yaingie kwenye konti siku yanapolipwa. Hiyo inalinda deni kuliko kumtumia mtu barua ya madai katika mwezi wa tatu, akiwa hana hata gunia.

Koperative nazo zisijidanganye. Hekta zikishuka kutoka 240 hadi 150, mapato ni 7,500, na hakuna kalenda itakayoziokoa. Wateja wahesabiwe kwa majina na hekta zao kabla ya kusaini. Hesabu ikitosha, na mkopeshaji akikataa kuandika tarehe za msimu, kalamu iwekwe chini. Heri kukodi trakteri ya jirani mwaka mmoja zaidi kuliko kuilipia trakteri ambayo itaondoka kabla ya mahindi kukauka.