Damu Imeonyesha Malaria, Mgongo Wachomwa wa Nini?



Mama mmoja wa Mombasa, ambaye mumewe ameajiriwa katika mashamba ya chai ya Kericho, ameniletea swali linalomhusu kila mwenye mtoto mdogo. Mwanawe wa miaka mitatu alishikwa na homa baada ya mvua za masika. Siku ya pili akapatwa na degedege, kisha akalala asiamke. Hospitalini damu ilipimwa, ikaonekana malaria. Hata hivyo daktari akataka kumchoma sindano mgongoni ili atoe maji. Mama akakataa: "Ugonjwa umeshaonekana, mgongo wa mwanangu mwautakia nini?"

Kwanza tuelewe maradhi yenyewe. Katika malaria ya ubongo, chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu isipite vizuri. Homa ya uti wa mgongo ni jambo jingine: bakteria huingia katika utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, wakazaana katika maji yaliyomo humo. Dawa ya malaria haiwaui bakteria hao hata kidogo. Lakini kwa mtazamaji, mtoto ni yule yule: ana homa, ana degedege, hana fahamu.

Kericho na Bomet zina jambo lao. Nyanda zile ni za baridi, na mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Watu hawaumwi na mbu wa malaria mara kwa mara kama sisi wa pwani, kwa hiyo miili haijazoea kupambana na vimelea. Joto na mvua zikizidi, ugonjwa hulipuka na kuwaangusha hata watu wazima. Milipuko hiyo imejulikana katika mashamba ya chai tangu miaka ya 1940, na ilirudi kwa nguvu miaka ya 1990. Ndiyo sababu mtoto akizimia huko baada ya masika, kila mtu huwaza malaria peke yake.

Daktari yule alianza kwa kupima fahamu. Alitazama kama macho ya mtoto yanaufuata uso wa mamake. Akabonyeza ukucha wake kwa kalamu, aone kama atauvuta mkono na kama atalia kilio cha kweli au ataguna tu. Kipimo hiki kina alama tano, na mtoto mwenye alama mbili au chini yake huhesabiwa kuwa amezimia. Huyu alikuwa na mbili. Akapimwa sukari ya damu, kwa kuwa sukari ikishuka nayo humzimisha mtoto, na dawa yake ni ya dakika chache. Sukari ilikuwa sawa. Saa moja baada ya degedege kukoma, bado hakuamka. Basi haukuwa uchovu wa degedege.

Kisha akaikunja shingo taratibu. Haikuwa ngumu. Hapa ndipo wengi hukosea. Shingo ngumu, au utosi uliovimba kwa mtoto mchanga, huashiria homa ya uti wa mgongo. Lakini kukosekana kwake hakuiondoi. Watafiti wa Kilifi, hapa hapa pwani kwetu, walionyesha mwaka 1999 kwamba dalili za maradhi haya mawili hupishana kwa watoto waliopungukiwa na fahamu. Na vimelea kuonekana katika damu hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyomzimisha. Mtoto aweza kuwa na yote mawili.

Kinachotenganisha ni yale maji. Sindano huingia chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umeshakoma, kwa hiyo haimlemazi mtoto. Maji safi kama ya kunywa hutuliza moyo, ingawa maabara bado huyachunguza. Maji yenye ukungu huonyesha bakteria. Ikiwa mtoto ni dhaifu mno au kichwa kina shinikizo kubwa, daktari huahirisha kuchoma, lakini haahirishi dawa.

Daktari hakungoja ruhusa ili aanze matibabu. Alichoma dawa ya malaria, ambayo hurudiwa baada ya saa 12 na saa 24, pamoja na dawa ya bakteria. Baba alipofika, mama akakubali. Maji yalitoka na ukungu. Dawa ya bakteria, ambayo ingekatizwa kama wangeiamini damu peke yake, ikaendelea kwa siku 14. Mtoto yu hai, ila sikio moja limepungua kusikia, nayo ni athari ijulikanayo ya homa hiyo.

Mama zangu, degedege kwetu hunasibishwa na shetani, na mtoto hufukizwa ubani hadi jua lizame. Dua isomwe garini, njiani kuelekea hospitali. Na daktari akiomba maji ya mgongo, muulizeni maswali yenu yote, kisha mwacheni ayatoe.

Wabillahi tawfiq.