Gazi Hufuata Mteremko: Barua ya Wazi kwa Meya wa Mji wa Bukavu

Mheshimiwa Meya,

Mimi ni mkaaji wa Kadutu, katika nyumba ya mbao iliyopachikwa mlimani kama nyumba nyingi za hapa. Nikisimama mlangoni, mabati ya jirani wa chini yako usawa wa miguu yangu, naye anatazama mabati ya mwenzake hivyo hivyo. Nakuandikia kuhusu chupa za gazi, kwa sababu usiku mmoja nyumbani kwangu nilielewa kwamba mlima huu wetu una jambo lake na gazi ambalo karatasi ya muuzaji haisemi.

Ilikuwa jioni, umeme umekatwa. Mke wangu alikuwa amefunga chupa mpya ya kilo 6, akapika, akazima jiko bila kufunga robine ya chupa. Tulikuwa tumesimama tukizungumza, hatunusi kitu. Mtoto aliyelala kwenye mkeka ndiye aliyesema, "Baba, kunanuka yai bovu."

Gazi yenyewe haina harufu. Kiwandani hutiwa dawa inayonuka vibaya ili itusaliti mapema. Lakini ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili, kwa hiyo haipandi kwenye paa kama moshi wa makala. Inashuka, inatambaa sakafuni, inatafuta mlango, kisha inateremka. Ndiyo maana mtoto wa kwenye mkeka aliisikia kabla yetu. Na ndiyo maana jambo la kwanza lililonijia akilini halikuwa jiko langu bali mbabula ya mama jirani wa chini, iliyokuwa ikiwaka mbele ya mlango wake.

Nikuombe upige hesabu pamoja nami. Chumba changu kina mita 3 kwa 3, na urefu wa mita 2 na nusu. Gazi ikifikia sehemu 2 katika kila 100 za hewa, cheche moja inatosha. Kwa chumba kizima, hiyo ni karibu kilo 1 ya gazi. Lakini kwa kuwa inalala chini, ikijikusanya mpaka usawa wa magoti tu, gramu 200 zinatosha. Chupa yangu ilikuwa na kilo 6.

Mtoto mkubwa alikuwa ameshika kibiriti ili tuone. Nikamzuia. Sikuwasha hata taa ya simu, kwa kuwa swichi yoyote, kubwa au ndogo, inaweza kutoa cheche. Nilipapasa gizani, nikafunga robine kwa kuizungusha kuelekea kulia, tukaacha mlango na madirisha wazi, tukatoka sote tukapanda ngazi kwenda juu. Sisi wa milimani tukikimbia moto huteremka kwenda barabarani. Kwa gazi, kuteremka ni kwenda ilikoelekea.

Nikiwa huko juu nikamwita jirani kwa sauti azime mbabula yake. Harufu ilikuwa haijamfikia, kwa hiyo alipata nafasi ya kumwaga maji. Kama ingekuwa imeshamfikia, ningemwambia aache kila kitu, atoke na watoto, apande kwa upande usio na harufu. Simu ya kuomba msaada niliipiga nikiwa mbali na nyumba.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo wakaaji wa Bukavu tunaijua bila kuifikiria. Umeme ukikatika, wengi huacha swichi ya taa na friji vilivyo. Ukirudi, friji inajiwasha yenyewe, na cheche yake haimsubiri mtu. Mtu anaweza kukaa gizani bila kugusa kitu, na bado nyumba ikawaka umeme uliporudi. Nyumba yangu ina bahati kwamba kikata umeme kiko nje, upande wa juu. Nilikishusha. Kama kingekuwa ndani, ningekiacha.

Asubuhi, nyumba ikiwa imepata hewa ya kutosha, nilitafuta uvujaji kwa sabuni. Nilichanganya sabuni ya vyombo na maji kwenye kikombe mpaka povu likatokea, nikahakikisha jiko limezimwa na hakuna moto popote, nikafungua robine kidogo. Kwa sifongo nilipaka pale detanderi inapokaa juu ya chupa, kisha ncha mbili za tiyo, kisha tiyo nzima. Povu lililotulia si kitu. Povu linalovimba na kuzaa jingine ndilo tundu. Lilivimba chini ya detanderi. Nikafunga robine, nikaitoa: kipira cha ndani kilikuwa kimekauka na kupasuka. Kipira kidogo kama pete ndicho kilichotaka kuunguza nyumba mbili. Kwa kibiriti hatungeutafuta uvujaji, tungeuwasha.

Pua nayo inadanganya. Ukikaa kwenye harufu inazoea, nawe unadhani imekwisha. Kwa hiyo tulirudi ndani baada ya hewa kupita kwa muda mrefu, si baada ya kuacha kuinusa.

Mheshimiwa Meya, muuzaji aliyenipa chupa ile hakunipima chochote. Simtaji, kwa kuwa sijaona anayepima. Ombi langu la kwanza ni hilo: anayeuza gazi mjini awe na kikombe cha maji ya sabuni mezani, afunge detanderi ya mteja juu ya chupa, apake, wote wawili waangalie. Ni kazi ya dakika mbili. Hapo pia aangalie tarehe iliyopigwa kwenye tiyo, maana mpira huzeeka hata usipotumika.

La pili ni mahali pa kuuzia. Chupa zisimame wima, kwa sababu ikilala, gazi ya majimaji hufika kwenye detanderi, na lita 1 ya majimaji hayo huwa karibu lita 250 za hewa ya gazi. Zisiwekwe kwenye chumba cha chini kisicho na tundu karibu na sakafu, wala juu ya mteremko wenye mbabula za wachoma mahindi. Kumimina kutoka chupa kubwa kwenda ndogo kupigwe marufuku kabisa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gazi lililipuka kwenye kituo cha kujazia katikati ya makazi. Mamlaka ya Kenya ilisema ilishakataa maombi ya kibali ya kituo hicho mara tatu mwaka 2023. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kukataa kwenye karatasi hakukufunga mlango. Anayekagua afike mlangoni.

La tatu, mashefu wa avenyu wapewe maneno machache ya kusema kwa Kiswahili na Mashi: usiwashe, usizime, funga robine, fungua milango, panda juu, mwambie wa chini. Na moto ukishawaka kwenye robine, usiuzime kabla ya kufunga gazi, kwa maana gazi inayotoka bila kuwaka itajikusanya ilipuke. Kama huwezi kuifunga kwa kitambaa kilicholowa, kimbia, uwatoe majirani. Gari la zimamoto halipiti kwenye ngazi zetu.

Nimebadilisha kipira. Jirani wa chini bado anapika kwa makala, hana chupa, wala hajawahi kupewa somo lolote la gazi. Lakini gazi ya wote walio juu yake inapita mlangoni kwake. Ndiyo sababu barua hii nimekuletea wewe, wala sikumwandikia muuzaji wangu peke yake.

Kwa heshima,
Mkaaji wa Kadutu, Bukavu