Mahamri kwa Kijerumani: pika kwanza, tafsiri baadaye

Majuzi nilimtumia rafiki yangu Mjerumani mapishi ya mahamri ya nyanya, nikiwa nimeyatafsiri neno kwa neno. Siku mbili baadaye akanitumia picha. Vipande bapa, vyeusi pembeni, vigumu kama kigae! Akaomba radhi eti hajui kupika. Zii, kosa lilikuwa langu.

Nyanya alisema "kaanga", nami nikaandika "braten". Sisi tunakaanga yai, tunakaanga kitunguu, tunakaanga na mahamri yanayoelea kwenye karai. Wajerumani hawafanyi hivyo. "Braten" ni ya pani yenye mafuta kidogo, au hata nyama ndani ya ovena. Kitu kikiogelea kwenye mafuta ni "frittieren", na kwa unga ulioumuka vitabu vyao vya mapishi hupenda "ausbacken". Jamaa alifuata nilichoandika: akapaka pani mafuta, mahamri yakakosa kufura.

Ndiyo maana nasema mtu asitafsiri mapishi ambayo hajayapika. Kamusi haitakuambia karai lina mafuta kiasi gani.

Vipimo navyo vilinitoa jasho. Nyanya anataka vikombe vinne vya unga, na kikombe ni kile chake cha bati. Mjerumani hupima unga kwa gramu. Nikakipima kikombe kwenye mizani, nikapata takriban gramu 130. Vinne ni gramu 520, basi nikaandika 500. Bahati nzuri, pakiti moja ya hamira kavu huko Ujerumani ni gramu 7 na hutosha unga huo huo, gramu 500.

Kwenye tui, nyanya alisema tu "la kutosha". Hapa nambari peke yake ingedanganya, kwa sababu unga mmoja hunywa kuliko mwingine. Nikaandika mililita 250 za "Kokosmilch", kisha nikaongeza dalili: kanda mpaka unga uwe laini na usishike mikono. Chunga usiandike "Kokoswasser", maana hayo ni maji ya dafu.

"Mafuta yakichemka" pia sikuyatafsiri yalivyo, kwa kuwa hakuna anayetaka mafuta yachemke kama maji. Nyanya hutupa kipande kidogo cha unga. Kikipanda juu na kutoa mapovu, mafuta yako tayari. Wajerumani huchovya mpini wa mwiko wa mbao na kungoja mapovu hayo hayo. Nikaandika mpini.

Jina je? Kuna aliyenishauri niyaite "Krapfen". Nilikataa, kwa sababu Mjerumani akisikia hivyo atatafuta jemu ndani. Nikaacha "Mahamri", na chini yake mstari mmoja unaotaja nazi, iliki na hamira.

Jumapili picha ya pili ikaingia. Yamefura, na lililokatwa lina uwazi ndani. Nilimwonyesha nyanya. Akauliza tu mbona hakuna mbaazi kando.