Ulikaimu, Lakini Jalada Halikujui

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo ni mtumishi katika halmashauri moja. Aliandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nimekaimu ukuu wa idara miezi 17. Leo ameletwa mkuu mpya. Nimeagizwa nimkabidhi ofisi kesho saa tatu asubuhi, kisha nibaki idarani nimsaidie kazi." Hakuuliza swali lolote.

Najua maneno atakayoambiwa kuanzia kesho, kwa sababu niliwahi kuambiwa mimi. Ataambiwa kwamba cheo ni dhamana, kwamba riziki hupangwa na Mungu, kwamba subira huvuta heri. Mahali pake, maneno hayo ni ya kweli. Ofisini, siku ya makabidhiano, hutumika kumziba mtu mdomo. Yanaligeuza tendo la utawala kuwa tukio la majaliwa, kana kwamba uteuzi hunyesha kama mvua. Uteuzi haunyeshi. Huandikwa na watu, kwa hatua zinazojulikana, na aliyerukwa ana haki ya kujua ni katika hatua ipi alirukwa.

Tuanze na neno lenyewe, kukaimu. Kwa Tanzania, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 ziliweka ukomo wa miezi 6 kwa mtumishi kukaimu nafasi iliyo wazi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2017 inayohusu Tume ya Utumishi wa Umma inasema vivyo hivyo: isipungue siku 30, isizidi miezi 6. Mantiki yake ni nyepesi. Kukaimu ni daraja la kuvukia, na mwajiri hupewa nusu mwaka amtafute mwenye nafasi. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia hoja hii mara nyingi, kwamba halmashauri zina wakuu wa idara na vitengo wanaokaimu kupita muda huo. Daraja limegeuzwa nyumba.

Kwa nini? Kwa sababu kaimu ni rahisi. Nafasi haitangazwi, upekuzi haufanywi, na mshahara wa cheo hauingii kwenye ikama. Wakati huohuo kaimu anasaini, anajibu hoja za ukaguzi, anasimama mbele ya madiwani na kufokewa. Na siku ya kumwondoa hakuna anayedaiwa maelezo, kwa kuwa hakuna alichopewa. Pengine hata barua ya kukaimu hana, aliambiwa kwa mdomo koridoni, "Shika shika hapo kwanza." Bila barua, hata posho ya kukaimu ni ndoto. Mpangaji asiye na mkataba anaielewa vizuri hali hii.

Sasa nieleze yangu, maana nisingependa kuonekana ninahubiri jambo nililolisoma tu.

Kabla ya kufundisha nilikuwa Afisa Mipango katika halmashauri ambayo sitaitaja. Mkuu wetu alipostaafu nikakaimu. Nilikaa mwaka mmoja na miezi miwili, nikapitisha bajeti nzima, na mlango ulipobandikwa kibao kipya cha cheo bila jina nilikitazama kama mtu anayetazama suti iliyopimwa mwilini mwake. Kisha akaja mwenzangu kutoka halmashauri nyingine. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita, mwanamke, mchapakazi, mwenye heshima. Siku ya kwanza aliniambia, "Kaka, najua hapa wewe ndiye mwenyeji. Nisaidie." Nami nikamjibu, "Bila shaka, Mkuu." Neno hilo "Mkuu" nililitamka kwa namna ambayo hata mhudumu wa ofisi aligeuka kunitazama.

Hapo ulianza uvumi, na lazima niuseme kwa jina lake. Wenzangu walinifariji kwa kunong'ona kwamba mwanamke huyo "ana mtu huko juu," na maneno mengine ambayo hayaandikiki. Sikuyatamka, lakini nilikunywa nao chai yakitamkwa, na nyamaza yangu ilikuwa ushahidi tosha upande wao. Mwanamume akiteuliwa tunauliza amesoma wapi; mwanamke akiteuliwa tunauliza amelala wapi. Ni upuuzi, na ni upuuzi unaomfaa sana mwenye mamlaka ya uteuzi, kwani huielekeza hasira ya aliyerukwa kwa jirani yake wa meza na kumwacha mteuzi akipumzika.

Sababu halisi niliijua baada ya miezi minane. Afisa Utumishi aliyekuwa anakaribia kustaafu alinieleza taratibu, kama mtu anayelipa deni. Wakati ule utendaji wetu ulipimwa kwa OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakayapitia katikati ya mwaka, wakapimana mwezi Juni, na alama zilikwenda kutoka 1, iliyo bora kabisa, hadi 5, iliyo mbaya kabisa. Mimi nilijaza fomu yangu kwa uaminifu, kwa cheo changu cha kudumu. Malengo yalikuwa ya Afisa Mipango: kukusanya takwimu za kata, kuandaa taarifa ya robo mwaka. Hakuna mstari hata mmoja uliosema kwamba niliongoza idara. "Jalada lako ni safi, kaka," akaniambia, "lakini ni jalada la Afisa Mipango. Mwenzako alikuja na fomu za kuongoza kitengo, zimesainiwa, tena kwa miaka mitatu mfululizo. Wanaoamua huko hawakuoni ukitoka ofisini saa mbili usiku. Wanaona karatasi."

Maelezo hayo yaliniuma kuliko uvumi wote, maana yalikuwa na haki ndani yake. Kwa ushahidi uliokuwa mezani, aliyechaguliwa alistahili. Dhuluma ilikuwa nyuma zaidi: mwaka mzima nilifanya kazi ambayo ofisi ilijua ninaifanya, ikaitegemea, ikaiacha isiandikwe popote. Siku hizi OPRAS imeipisha PEPMIS, na fomu imehamia kwenye kompyuta, lakini kaimu ambaye majukumu yake ya kukaimu hayakuingizwa na kuidhinishwa na msimamizi wake bado ni yule yule asiyeonekana. Mfumo hausomi jasho.

Sasa sehemu ambayo sijaipenda kamwe. Katika kipindi changu cha kukaimu, kijiji kimoja kilijenga boma la zahanati kwa nguvu zake, matofali na kazi ya mikono, hadi usawa wa linta. Kamati ya Maendeleo ya Kata ilileta ombi la kupaua. Ukomo wa bajeti uliposhuka, ruzuku ya maendeleo haikutosha, nikakubaliana na Mweka Hazina kwa mdomo kwamba zahanati hiyo tutaihamishia kwenye mapato ya ndani. Makubaliano hayo yalikuwa kichwani mwangu na kichwani mwa Mweka Hazina, basi. Kisha Mweka Hazina akahamishwa, nami nikakabidhi ofisi kwa ukurasa mmoja: funguo, muhuri, nywila ya PlanRep, orodha ya majalada.

Mkuu mpya alipofanya marekebisho ya mwisho aliikuta zahanati katika kasma isiyo na fedha, akaifuta. Nilikuwa mezani, mkono wa kulia kwake. Aliuliza, "Kaka, hii tuiondoe?" Nikasema, "Wewe ndiye mwamuzi, Mkuu." Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia njia ya kumwacha azame huku mikono yangu ikiwa mikavu. Hakuzama. Baraza lilipitisha bajeti, naye akapongezwa. Kilichozama ni mwaka mmoja wa kijiji ambacho hakikujua kwamba kuna watu wawili waliogombea kiti.

Wapo watakaosema huo ni udhaifu wangu, usibebeshwe mfumo. Nakubali kuubeba wangu. Lakini hebu tazama jinsi ofisi ilivyokuwa imepangwa. Mtu aliyerukwa bila kuelezwa sababu anaambiwa amfundishe aliyemruka, kwa mshahara ule ule, bila hata sentensi moja ya maandishi kwamba kazi yake ilitambuliwa. Maarifa aliyobaki nayo ndiyo mali pekee ambayo hajanyang'anywa. Anayepanga ofisi namna hiyo kisha akashangaa kuona watu wanaficha mali yao anajifanya hajui binadamu.

Jirani zetu wa Kenya walau wameandika jambo. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 47, inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na ibara ya 232 inataja ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa uteuzi na upandishaji vyeo. Sisemi ofisi za Nairobi zimekuwa pepo. Mahakama zao za ajira hazijakosa kesi za makaimu. Ninachosema ni kwamba barua ya nusu ukurasa yenye sababu haijawahi kuangusha serikali yoyote. Kwetu mtu huambiwa, "Maamuzi yametoka juu," kana kwamba juu hakuna karani wala kalamu.

Basi, kwa wanaoajiri: mwezi wa sita ukifika, ama mthibitishe kaimu, ama umrudishe kwenye nafasi yake kwa barua inayotaja alichofanya, ama ueleze kwa maandishi kwa nini unaendelea naye. Na ukimleta mwingine, mwite aliyerukwa kabla ya tangazo, wala asisikie kwa dereva. Mimi nilisikia kwa dereva.

Kwa anayekaimu sasa hivi: dai barua, na malengo yako yaandikwe upya kwa majukumu unayoyafanya, yasainiwe na yule yule aliyekuagiza. Akikataa kusaini umeshapata jibu lako mapema, nalo ni bora kuliko miezi 17 ya kukisia.

Zahanati ile ilirudi kwenye bajeti mwaka uliofuata. Nilikwenda mwenyewe kwa Mkuu nikamweleza yote, pamoja na nyamaza yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama kuna makubaliano mengine ya mdomo. Yalikuwepo 11. Tuliyaandika siku hiyo hiyo, tukayatia jaladani kwa tarehe na saini zote mbili. Lakini boma lilikuwa limepigwa na masika mbili bila paa, na fundi aliagiza kozi tatu za juu zibomolewe kwanza.

Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: "Marahaba. Usilale. Andika makabidhiano usiku huu, na usiishie kwenye funguo. Andika kila uliloahidi kwa niaba ya idara, uliahidi kwa nani, lini, na limefikia wapi. Asubuhi asaini yeye, usaini wewe, nakala iingie masjala kwenye jalada lako binafsi." Karibu saa saba usiku akaandika kwamba amefika ukurasa wa nne, na kwamba ndiyo mara ya kwanza ameona kwa macho yake kazi aliyoifanya.