Methali Haihesabu Magunia

Kuna rai iliyoota mizizi miongoni mwetu walimu wa Kiswahili katika nchi hizi za jirani, nayo ni kwamba barua isiyokuwa na methali ni barua iliyoandikwa na mtu asiyekijua Kiswahili. Mwanafunzi hufunzwa kuandika barua ya kirafiki, akaipamba kwa misemo, akapewa alama kwa kila pambo. Mwaka unaofuata hufunzwa barua ya kikazi. Huongeza anwani ya pili na mstari wa kichwa, kisha humimina mapambo yale yale. Hakuna amwambiaye kwamba pambo lililomletea alama darasani laweza kumpotezea mali sokoni.

Wapo watakaosema kwamba kuzipunguza methali ni kuivua lugha nguo na kuwaiga wageni. Hoja hiyo naipinga, tena kwa ushahidi wa Waswahili wenyewe. Wafanyabiashara wa pwani waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya shule zetu kujengwa, na baadhi ya barua hizo zilichapishwa na Mjerumani C. G. Büttner mwaka 1892. Utangulizi wa barua za aina hiyo ulikuwa mrefu, ni kweli, lakini ulikuwa na kazi. Karatasi haikuwa na anwani iliyopigwa chapa, kwa hiyo utangulizi ndio uliotaja nani anamwandikia nani, nao ndio uliomtuliza msomaji kwamba barua haikuleta msiba. Kisha lilikuja neno la kukata: wa baadu, au baada ya salamu. Neno hilo lilikuwa ukingo. Salamu zilikaa upande huu, shauri likakaa upande ule. Kosa la barua zetu za leo ni kwamba ukingo umebomoka, na maua yamemwagika hadi penye hesabu.

Tuitazame barua moja. Nimeitunga mwenyewe kwa kukusanya makosa ninayoyaona mara kwa mara katika kusahihisha. Mwandishi ni mwenye duka mjini Masaka, Uganda, aliyenunua mchele Kahama, Tanzania, ukaletwa kwa lori kupitia mpaka wa Mutukula. Mzigo umepungua. Anaandika hivi:

«Kwako mheshimiwa na mpendwa wetu. Awali ya yote natanguliza shukrani kwa Mola Mwenyezi aliyetujalia uzima hata nikaweza kuishika kalamu na kukuandikia waraka huu mfupi. Ni matumaini yangu makubwa kwamba wewe pamoja na wafanyakazi wako wote hamjambo na mnaendelea vyema na gurudumu la maisha. Sisi huku tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Ama baada ya salamu, lengo na madhumuni ya barua hii ni kukufahamisha kuwa wahenga hawakukosea waliponena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Mzigo wetu ulifika lakini haukutimia. Kumbuka ya kuwa ahadi ni deni, na muungwana akivuliwa nguo huchutama. Tunaomba ulishughulikie jambo hili mapema iwezekanavyo, kwani ngoja ngoja huumiza matumbo.»

Sarufi yake haina kasoro, na darasani ingesifiwa. Sasa na tukae katika kiti cha karani wa Kahama aliyeipokea. Mzigo upi, naye amepakia malori kadhaa mwezi huo? Umepungua kwa kiasi gani? Nani aliuhesabu, na wapi? Mwandishi anataka aletewe mchele au arudishiwe fedha? Lini? Karani hapati jibu hata la swali moja. Alichopata ni kuitwa mdokozi, kwani ndiyo maana ya chovya chovya ikiandikiwa mtu mwenye ghala. Kisha ameambiwa kwamba amevuliwa nguo. Huenda magunia yaliangushwa njiani, au yalihesabiwa vibaya wakati wa kupakia. Mwandishi hajui, lakini methali yake imekwisha kutoa hukumu.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Methali ni chombo cha mtu anayeamua au anayeonya. Mzee huitoa barazani baada ya kusikiliza pande zote mbili. Mnunuzi anayemwandikia muuzaji hana cheo hicho, na ndiyo sababu hujificha nyuma ya maneno «wahenga walinena». Anataka kutukana kwa kinywa cha wahenga. Msomaji hadanganyiki hata kidogo: anajua sahihi iliyo chini ya barua si ya wahenga.

Na kuna hatari ya pili. Methali hujibiwa kwa methali. Ukiandika «ngoja ngoja huumiza matumbo», karani anayo haki ya kukujibu «subira yavuta heri», na akiongeza «haraka haraka haina baraka» amekushinda kwa mbili dhidi ya moja. Mmeanza kulumbana, na mchele umesahaulika. Lakini ukiandika «kabla ya tarehe 15 Machi», hakuna methali inayoweza kuijibu tarehe. Atakubali, au atakataa na kutoa sababu.

Namna ya kupogoa, basi, si kufuta kwa hasira. Mwanafunzi na achukue kalamu, na kando ya kila methali aandike ukweli ambao methali hiyo imekalia nafasi yake. Katika barua yetu, «chovya chovya» imekalia nafasi ya hesabu: yalinunuliwa magunia 120, yakafika 111, upungufu ni magunia 9. «Ahadi ni deni» imekalia nafasi ya ankara na malipo: fedha za magunia yote zilikwisha kulipwa. «Ngoja ngoja» imekalia nafasi ya tarehe. Na «muungwana akivuliwa nguo»? Hiyo tukiinua hatuoni kitu chini yake. Ni tusi tupu, nalo lifutwe bila kuwekewa badala. Baada ya kazi hiyo barua hujiandika:

«Bwana Meneja,

Yah: Upungufu wa magunia 9 ya mchele, ankara Na. 214 ya tarehe 3 Machi

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote ofisini.

Tarehe 7 Machi tulipokea kwa lori mchele tuliounuua kwenu. Ankara yenu inaonyesha magunia 120 ya kilo 50. Yaliyotufikia ni 111. Dereva alikuwapo tulipohesabu, naye ametia sahihi katika hati ya kukabidhi mzigo. Nakala yake tumeiambatisha.

Magunia yote 120 tulikwisha kuyalipia. Tunaomba mtuletee magunia 9 yaliyopungua pamoja na mzigo wetu wa tarehe 21 Machi, au mturudishie shilingi za Tanzania 990,000, yaani 110,000 kwa kila gunia. Tafadhali tujulisheni mmechagua lipi kabla ya tarehe 15 Machi.

Wenu katika biashara,»

Tazameni kwamba barua hii haimshutumu mtu, na hata hivyo ni kali kuliko ile ya kwanza. Ukali wake umo katika sahihi ya dereva. Tazameni pia kwamba sikuifuta salamu. Nimeacha sentensi moja, kwa sababu katika barua ya malalamiko salamu ina kazi maalumu: humwambia msomaji kwamba mwandishi bado ni mteja wake na anataka kuendelea kuwa mteja. Barua inayoanza na magunia moja kwa moja husomeka kwetu kama mtu aliyeingia dukani akipiga kelele bila kubisha hodi. Na ikiwa anayeandikiwa ni mzee wa Kiislamu ambaye mmeamkiana kwa «Assalaam alaykum» kwa miaka mingi, iandikwe, wala isiitwe pambo. Ni salamu inayodai jibu, na kuiacha ghafla ni kutangaza ugomvi.

Kwetu sisi tuliojifunza Kiswahili juu ya lugha nyingine lipo jambo jingine ambalo watu wa pwani huenda wasilione. Methali nyingi huandikwa nusu, nusu ya pili akaachiwa msomaji aikamilishe. Ukimwandikia karani wa Kampala au Bukavu «Mgema akisifiwa…», yawezekana hajui kinachofuata. Na ukiiandika nzima, «mgema akisifiwa tembo hulitia maji», yeye ambaye neno tembo amelijua kuwa mnyama mwenye mkonga atashangaa ni maji gani anayotiwa mnyama huyo. Wewe ulikusudia kusema kwamba ubora wa bidhaa umeshuka tangu ulipomsifu. Sema hivyo, na utaje bidhaa yenyewe, mzigo wa kwanza na mzigo wa tatu, na tofauti uliyoiona.

Je, methali haina mahali kabisa? Inapo. Mteja aliyelipa kabla ya siku yake, au aliyekungoja ulipokuwa na shida, mwandikie barua ya shukrani, na baada ya kutaja alichokutendea umwambie «wema hauozi». Hapo methali inamsifu msomaji, haimdai kitu, na imekaa mwishoni ambako haizuii hesabu. Akiikosa maana yake hapotezi chochote. Lakini hata methali ya sifa ipimwe kwanza. Nimeona barua za kutangaza bidhaa zikianza kwa «kizuri chajiuza». Mwandishi amesahau nusu ya pili, «kibaya chajitembeza», na barua ya kutangaza bidhaa ni nini kama si kujitembeza? Msomaji anayeijua methali nzima atacheka, kisha ataagiza kwingine.

Nisidhaniwe kwamba ninawatetea wale wanaojiona wamekwisha kuponywa maua kwa sababu huanza kila barua kwa «Husika na kichwa cha habari hapo juu». Hilo nalo ni ua, ila ni ua la karatasi, lisilo na rangi wala harufu. Kwanza, linamwamuru msomaji «husika», amri ambayo sijui mtu huitimizaje. Pili, kichwa cha habari kipo sentimeta mbili juu yake, na msomaji amekwisha kukisoma. Tatu, mwandishi akishaliandika hujiona amefungua barua, akaendelea na «lengo na madhumuni», maneno mawili yanayosema jambo moja, na magunia 9 yakasukumwa hadi ukurasa wa pili. Methali, ijapokuwa imekosea mahali, angalau ilitungwa na mtu aliyekuwa akifikiri.